Vipepeo Wakitua: Jinsi ya Kujua Ukoo Wao

Leo tunaanza na kosa letu wenyewe. Mwaka jana, katika mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipokwisha kulowesha barabara za Fungurume, tuliwaagiza wanafunzi wetu wa darasa la sita walete kila mmoja kipepeo katika kisanduku au kopo, tupate kuwagawa kwa koo zao. Wengi walileta vipepeo wazuri sana, wa manjano, weupe, na weusi wenye madoa. Mvulana mmoja, mtoto mnyamavu wa benchi la nyuma, alileta katika kisanduku cha viberiti mdudu mfupi mnene, mwenye manyoya kifuani, rangi yake kama udongo. Tulimtazama mara moja tu tukasema, “Huyu ni nondo. Umepata sifuri.” Darasa zima likacheka. Mtoto akajibu kwa adabu, “Samahani, Mwalimu, lakini mimi nilimkamata saa sita mchana juu ya ua, na ncha za pembe zake zimepinda kama ndoana.” Tukamwambia akae.

Jioni tulikichukua kile kisanduku, tukamweka mdudu chini ya kioo cha kukuzia. Mtoto alikuwa amesema kweli. Alikuwa ni kipepeo, tena wa ukoo mkubwa, nasi tuliofundishwa Kilatini na elimu ya viumbe hatukumjua, kwa sababu tulitazama rangi yake peke yake. Kesho yake tulimwomba radhi mbele ya wenzake, tukawaambia wote kwamba masomo ya vipepeo yataanza upya, safari hii si katika visanduku bali kando ya dimbwi.

Wenyeji wa Fungurume watajua ni dimbwi gani. Pale barabara itokayo Likasi kwenda Kolwezi ipitapo kati ya vilima vya shaba, magari makubwa huchimba mashimo kandokando, na mvua huyajaza. Jua likitoka baada ya mvua, hapo vipepeo hushuka kwa makumi, wakakaa juu ya tope wakinyonya. Watu hudhani wana kiu. Maji hawakosi katika utamu wa maua. Wanachotafuta topeni ni chumvi, kwa kuwa majani waliyokula walipokuwa viwavi yana chumvi kidogo mno. Nao wanywaji karibu wote ni madume. Dume humpa jike sehemu ya chumvi hiyo wakati wa kujamiiana, nayo huingia katika mayai. Basi dimbwi ni mahali pazuri kwa mwanafunzi, maana kipepeo aliyeshughulika kunywa hukuruhusu kumkaribia hata hatua mbili, mradi kivuli chako kisimwangukie.

Tuliwaagiza watoto wasitaje rangi hata moja. Waliulizwa mambo matatu tu: Ametua vipi, mabawa yamefungwa au yametandazwa? Ukingo wa bawa la nyuma umekatwaje? Anasimama kwa miguu mingapi? Ajuaye majibu ya maswali hayo ataujua ukoo, hata kipepeo awe amevaa nguo za mtu mwingine. Nao huvaa kweli nguo za wengine, kama tutakavyoona.

Ukoo wa kwanza waliouona ni ule ambao wataalamu huuita wa wenye mkia, na jina hilo limewapotosha watu wengi. Kipepeo wake aliye wa kawaida kabisa kwetu ni kipepeo wa mlimao: mkubwa, karibu sentimita 10 kutoka ncha ya bawa mpaka ncha ya pili, mweusi mwenye madoa ya manjano mepesi. Huyu hana mkia hata kidogo! Mtoto anayetafuta mkia atamkataa mwenye ukoo mlangoni pake. Afadhali atazame jinsi anavyokula. Kipepeo wa ukoo huu akiwa juu ya ua hatulii. Mabawa yake ya mbele hupigapiga wakati wote, na yale ya nyuma karibu hayatikisiki, kana kwamba anaogopa kulilemea ua kwa uzito wake. Akiota jua, au akilala usiku, hutandaza mabawa yote, na yale ya mbele huteremka na kuyafunika ya nyuma kwa sehemu. Katika Kilatini neno papilio lilikuwa jina la kipepeo, na baadaye likawa jina la hema pia. Ukimwona huyu amelala chini ya jani utaelewa maana.

Alama iliyo imara zaidi ni ukingo wa ndani wa bawa la nyuma, ule ulio karibu na tumbo. Kwa wenye mkia ukingo huo umekatwa kwa kuingia ndani, kama shingo ya kanzu. Kwa hiyo hata akifunga mabawa, tumbo lake huonekana wazi chini yake. Vipepeo wa koo nyingine mbili tutakazozitaja sasa hivi wana ukingo uliotokeza nje na kukunjwa, na mikunjo ya mabawa yote mawili hufanya mfereji unaolificha tumbo. Mwenye macho mema huliona jambo hili bila kioo.

Akina mama wanaowafahamu wana wa kipepeo huyu ni wengi kuliko wanaomfahamu mwenyewe. Jike huacha yai mojamoja juu ya majani machanga ya mlimao au mchungwa. Kiwavi mdogo ni mweusi mwenye baka jeupe, sawasawa na kinyesi cha ndege, na ndege humpita bila kumgusa. Akikua hugeuka kijani. Ukimgusa, nyuma ya kichwa chake huchomoza kitu kama ulimi wenye pande mbili, rangi ya chungwa, chenye harufu kali. Mzazi mmoja alitueleza kwamba aliona “nyoka mdogo” katika mlimao wake akataka kuukata mti. Viwavi hao huweza kumaliza majani ya mche mchanga, hivyo mwenye miche awatoe kwa mkono. Mti mkubwa hautishwi nao. (Na kwa kuwa wengi hutuuliza: vinkubala tunavyokula nyumbani si wana wa vipepeo. Hao ni wana wa nondo wakubwa wa misitu ya miombo.)

Ukoo wa pili, weupe, ndio uliolijaza dimbwi. Humo wamo weupe wenye mishipa ya kahawia, ambao miaka mingine husafiri kwa makundi makubwa wakielekea upande mmoja siku nzima, na manjano wadogo wa majanini, na wale wenye ncha za mabawa nyekundu au za rangi ya chungwa. Umbo lao ni la kiasi: bawa la mbele pembetatu yenye kona zilizolainika, bawa la nyuma la mviringo kama yai, ukingo laini usio na mkia wala meno. Wakitua husimamisha mabawa juu ya mgongo, yamegusana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Ndiyo maana mtoto aliyesema “mweupe” alipomwona akiruka alisema “wa manjano” alipomwona ametua: upande wa juu ulikuwa umefichwa, akaona upande wa chini tu. Manjano wadogo hushika desturi hii sana. Hata asubuhi ya baridi huota jua kwa kulielekezea ubavu, mabawa yamefungwa. Ndugu zao wengine, kukiwa baridi, hufungua mabawa nusu. Kwa hiyo msomaji asihukumu kwa kumtazama mara moja saa moja ya asubuhi; angoje jua lipande.

Weupe husimama kwa miguu sita iliyo sawa. Hapa ndipo wanapotengana na ukoo wa tatu.

Hao wa kahawia hawakuja dimbwini. Ilitubidi kuingia kivulini, chini ya miti ya miombo karibu na kijito, mahali ambapo majani makavu yamelala. Watoto walitembea dakika kumi wakasema hakuna kitu. Kisha mmoja alipiga hatua, na jani likaruka! Liliruka kwa kuchupachupa, karibu na ardhi, mita tatu au nne, likaanguka na kupotea tena. Hiyo ndiyo namna yao. Mabawa yao ni ya mviringo, ukingo wa nyuma mara nyingi una mawimbi madogo. Wakitua huyafunga, na punde bawa la mbele huzama chini kati ya yale ya nyuma, kama mtu anayeingiza mikono katika mifuko. Ukiwakaribia polepole, ukipiga magoti, hesabu miguu: utaona minne tu. Miwili ya mbele imekuwa mifupi kama brashi, imekunjwa kifuani, haifai kutembelea. Miguu minne haiwatambulishi wao peke yao, kwa maana jamaa zao wengi wa ukoo mkubwa wanayo vilevile. Lakini ukichukua kioo na kutazama mahali bawa la mbele linapoungana na kifua, utaona mshipa mmoja, au miwili, au mitatu, imevimba kama kifundo. Vifundo hivyo vikiwapo pamoja na miguu minne, na mtindo ule wa kukaa kivulini, hakuna shaka kubwa tena.

Tukae nao kidogo, kwa sababu wamewashinda watu wengi. Katika masika wa kahawia wengi wana madoa ya mviringo kwenye kingo za mabawa, kila doa lina nukta nyeupe katikati kama mboni ya jicho. Katika kiangazi watoto wa wazazi walewale hutokea bila madoa hayo, au wakiwa na vitone tu, nao hufanana kabisa na jani lililokufa. Zamani baadhi yao walipewa majina mawili, kana kwamba ni viumbe wawili. Mwaka 1988 majike karibu 80 wa kipepeo mmoja wa kahawia walichukuliwa Nkhata Bay, nchini Malawi, wakapelekwa Leideni, Uholanzi, wakafugwa humo kizazi baada ya kizazi. Hapo ilionekana kwamba kinachoamua ni hasa joto ambalo kiwavi hulipata karibu na mwisho wa kukua kwake. Viwavi waliolelewa katika nyuzi 27 walitoka na macho makubwa ya masika. Ndugu zao waliolelewa katika nyuzi 17 walitoka na vazi la kiangazi. Si damu iliyobadilika, ni joto.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini iwe hivyo, na swali lake lilikuwa jema. Katika kiangazi majani yamekauka, na kipepeo hukaa kimya juu yake miezi mingi akingoja mvua. Kilicho bora kwake ni kutoonekana. Katika masika kila kitu ni kijani naye huhangaika huku na huku kutafuta mwenzi na kutaga, kujificha hakuwezekani. Basi macho yale ya ukingoni humvuta mshambuliaji, kama vile vunjajungu, apige ukingo wa bawa badala ya kifua. Kipepeo hupoteza kipande cha bawa, akaendelea kuishi. Siku ile tuliona mmoja ambaye ukingo wa mabawa yake yote mawili ya nyuma ulikuwa umekatwa kwa alama moja. Watoto walifahamu bila kuambiwa: alikuwa ameyafunga wakati alipopigwa.

Mkubwa wao ajulikanaye kwa jina la Melanitis leda mara nyingi tunamwona jioni, saa kumi na mbili na nusu, akiruka barazani au akiivamia taa. Ncha ya bawa lake la mbele imekatwa kwa pembe, na katika kiangazi pembe hiyo huwa kali zaidi. Wengi humwita nondo kwa sababu ya saa anayotembea. Tusiwacheke, sisi tumekwisha kufanya kosa kubwa kuliko hilo.

Sasa tumrudie yule wa kisanduku cha viberiti. Ukoo wake ni ukoo wa wachupaji, na jina hilo ni la haki: hawaelei hewani, bali hurushwa kama jiwe la kombeo, wakatua, wakarushwa tena. Kifua ni kinene, kichwa kipana kama kifua chenyewe, mabawa mafupi ya pembetatu. Vipapasio, ambavyo watoto huviita pembe, vimeota mbalimbali, na ncha zake, baada ya kunenepa, hupinda kama ndoana. Kwa nondo wengi kipapasio ni kama uzi au kama unyoya, hakina rungu mwishoni. Wapo nondo wachache warukao mchana ambao vipapasio vyao vimenenepa, lakini kichwa kipana na ndoana zile pamoja haziwahusu.

Katika kutua, wachupaji hawana desturi moja, na hilo ndilo lililotutega. Wapo wanaotandaza mabawa yote kama ngozi iliyoambikwa juani, mara nyingi chini ya jani, wakikutazama kichwachini. Wapo wakubwa wenye mbio sana wanaoyafunga juu ya mgongo kama weupe. Na wale wa majanini, ambao ni wengi katika bonde letu la dembo, hufanya jambo ambalo hatujaliona kwa kipepeo wa ukoo mwingine wowote: mabawa ya nyuma huyalaza, na ya mbele huyainua nusu, hivyo mabawa manne yanakuwa katika ngazi mbili, kama ndege ya jeshi. Ukiona pozi hilo, huhitaji kutazama kitu kingine. Lakini mdudu aliyekufa ndani ya kisanduku hana pozi. Mtoto alimwona akiwa hai, sisi tulimwona amekufa. Basi yeye alikuwa na ushahidi ambao sisi hatukuwa nao.

Siku hiyohiyo yalitukia majaribio halisi. Karibu na kijito, katika ule msitu mdogo wa mtoni tuuitao mushitu, kwenye kichaka cha maua, alitua kipepeo mweusi mwenye mabaka makubwa meupe. Watoto wawili walisema kwa sauti moja kwamba ni yule mweusi na mweupe aendaye polepole, ambaye ndege hawamli kwa sababu ya ubaya wa ladha yake. Sisi wenyewe tungesema hivyo. Yule mvulana wa benchi la nyuma hakusema neno. Alisogea kwa magoti, akatazama kwa muda mrefu, akageuka akanong’ona, “Mwalimu, mabawa ya mbele hayaachi kupiga.” Tukamwuliza miguu. “Sita.” Tukamwuliza tumbo. “Liko nje, Mwalimu, halikufichwa.”

Yule mwenye ladha mbaya ni jamaa wa wenye miguu minne, na tumbo lake hukaa katika mfereji wa mabawa. Huyu alikuwa na miguu sita, tumbo wazi, na mtikisiko wa ukoo wa wenye mkia. Mkia hakuwa nao, maana alikuwa jike wa Papilio dardanus. Dume wake ni wa manjano hafifu, ana mikia mizuri, na hakuna awezaye kukosea ukoo wake. Majike katika sehemu kubwa ya Afrika hawana mkia, nao wamevaa mavazi ya namna nyingi, kila vazi likimwigiza kipepeo fulani asiyeliwa. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya waliwahesabu kuwa viumbe mbalimbali. Bwana Rolandi Trimen, aliyefanya kazi Afrika ya Kusini, ndiye aliyeandika mwaka 1869 kwamba majike hao wote ni wake wa dume mmoja, na watu wengine wakakataa kumsadiki. Ndege hudanganywa na vazi. Mtoto wa darasa la sita hakudanganywa, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kutazama rangi.

Wasomaji wanaopenda kujaribu wafanye hivi. Waende siku ya jua baada ya mvua, kati ya saa nne na saa saba. Waanze na dimbwi, ndipo waende kivulini, kisha wapande kilima. Juu ya vilima vyetu vya shaba miti haimei vizuri, na kileleni pako wazi. Madume wa koo nyingi, na hasa wenye mkia, hukusanyika huko wakizunguka na kufukuzana, wakiwangoja majike wapande. Vilima kadhaa vimekwisha kukatwa tangu mgodi mkubwa wa hapa ulipoanza kutoa shaba mwaka 2009, basi watafute kile ambacho bado kina kilele, tena ambacho watu wanaruhusiwa kupanda. Wachukue daftari, wachore pozi kwanza, waandike idadi ya miguu, na rangi waiandike mwisho kabisa. Wavu si wa lazima.

Kile kisanduku cha viberiti kipo mezani petu hata sasa. Juu yake tuliandika siku, mahali, saa sita mchana, juu ya ua, na jina la yule aliyemkamata. Mahali palipoandikwa sifuri tumepiga mstari, na kando yake tumeandika kumi.